Ahadi ya 1930 na Dhahabu ya Kakamega: Wajibu Unapogongana na Wajibu

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Kwa sheria hiyo maeneo yaliyotengewa Waafrika, likiwemo Kavirondo Kaskazini ambalo makao yake makuu yalikuwa Kakamega, yalitangazwa kuwa yao daima. Iwapo serikali ingehitaji kuchukua kipande kwa manufaa ya umma, ilipaswa kuliongezea eneo hilo ardhi nyingine yenye ukubwa sawa na, kadiri iwezekanavyo, thamani sawa. Wenyeji nao walipaswa kuarifiwa na kusikilizwa kwanza. Baada ya miaka thelathini ya kupokonywa ardhi kwa amri za ofisini, maneno hayo yalikuwa na uzito wa kiapo.

Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana. Mlowezi mwenye asili ya Marekani, L. A. Johnson, aliipata katika vijito vya Kakamega, na muda si mrefu mamia ya Wazungu, wengi wao wakulima waliofilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia, wakafurika wakipiga vigingi na kuchimba mashimo katikati ya mashamba ya watu. Kumbe sheria ya 1930 ilikuwa kizuizi. Ili kumpa mchimbaji kipande cha ardhi, ilibidi ardhi ya namna hiyo hiyo itafutwe kwingine na iongezwe. Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi likaibadili sheria kwa haraka: kwa ardhi ya migodi, sharti la kuongeza ardhi nyingine likaondolewa na fedha ikatosha kuwa fidia, na lile la kuwaarifu wenyeji kwanza nalo likalegezwa. Ahadi ya daima ilikuwa imedumu miaka miwili.

Mwaka ule ule wa 1930, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Oksfodi, William David Ross, alichapisha kitabu kidogo kinachouliza swali ambalo Kakamega ilikuwa karibu kulikabili: mtu afanye nini pale wajibu wake mmoja unapomvuta huku na mwingine ukimvuta kule? Hakuna dalili kwamba Ross aliwahi kuifikiria Kavirondo. Lakini ni vigumu kupata kisa kinachopima fikra zake vizuri kuliko hiki.

Kabla yake kulikuwa na majibu mawili yenye nguvu. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, alishikilia kwamba wajibu wa kweli haugongani na wajibu mwingine. Katika insha ya 1797 alidai kuwa kusema uongo ni kosa hata kwa muuaji anayeuliza rafiki yako amejificha wapi. Upande wa pili walikuwapo waliofundisha kwamba wajibu ni mmoja tu, nao ni kuleta mema mengi iwezekanavyo. Kwao ahadi ni chombo: ikileta faida itunzwe, isipoleta ivunjwe.

Ross aliyakataa yote mawili. Alisema mwanadamu amefungwa na wajibu wa aina kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna kutimiza ahadi, kulipia madhara uliyosababisha, kuwashukuru waliokutendea wema, kugawa kwa haki, kuwafaa wengine, kujiendeleza mwenyewe, na kutodhuru. Kila moja ya haya ni wajibu wa awali. Maana yake ni kwamba unakufunga mpaka wajibu mwingine wenye uzito zaidi katika hali hiyo uushinde. Orodha yake aliiacha wazi, na hakuipanga kwa vyeo, isipokuwa kwamba kutodhuru kwa kawaida hubana zaidi kuliko kusaidia. Uamuzi wa mwisho juu ya jambo lenyewe, alisema, hauna kanuni. Unamtegemea mtu aliyekomaa kuiangalia hali yote na kupima.

Wengi wanaomsoma Ross huishia hapo, wakaona amewaachia kila mtu ajiamulie. Wanaruka sehemu iliyo na faida kubwa zaidi. Tuseme umeahidi kukutana na rafiki kwa jambo dogo, na njiani unakuta watu waliopata ajali ambao unaweza kuwaokoa. Vunja ahadi, anasema Ross, na usione aibu kwa kuvunja. Lakini ahadi iliyoshindwa haijafa. Moyo wako bado unatakiwa kusumbuka kwa ajili ya rafiki, na unadaiwa kumfidia kwa njia fulani. Wajibu ulioshindwa unaacha deni.

Sasa turudi kwenye dhahabu. Waliotetea mabadiliko ya 1932, akiwemo Waziri wa Makoloni, Philip Cunliffe-Lister, hawakusema ahadi si kitu. Hoja zao zilikuwa kwamba koloni lilikuwa limeishiwa fedha, kwamba madini yangewapa wenyeji ajira na soko la mazao, na kwamba uchimbaji ni wa muda, kisha ardhi ingewarudia. Hizo zote ni hoja za wajibu wa kuwafaa wengine, na Ross angezipa nafasi kwenye mizani. Ila angeuliza kwanza: kwa kiasi gani? Katika kitabu chake anatoa mfano wa tendo linalotimiza ahadi na kuzaa mema 1,000, na tendo jingine linalovunja ahadi na kuzaa mema 1,001. Hiyo moja ya ziada, anasema, haitoshi kuhalalisha kuvunja ahadi. Lazima tofauti iwe kubwa. Kwa hiyo faida ya kawaida ya mgodi wa kawaida haikutosha. Ilihitajika dharura.

Hata tukikubali kwamba dharura ilikuwapo, kosa kubwa linabaki. Sheria ya 1930 ilikuwa tayari na njia ya kuchukua ardhi panapo haja, na ndani yake mlikuwa na malipo ya deni: ardhi kwa ardhi, na kuwasikiliza wenye mali. Mabadiliko ya 1932 yaliiacha njia ya kuchukua, yakafuta malipo yake. Kwa lugha ya Ross, serikali ilikuwa na ruhusa, pengine, ya kuushinda wajibu wa ahadi. Haikuwa na ruhusa ya kujisamehe deni. Na ndivyo wengi walivyohisi hata Uingereza. Mwanzoni mwa 1933 jambo hilo lilifika katika Bunge la Malodi, ambako Askofu Mkuu wa Kantaberi, Cosmo Lang, alikuwa miongoni mwa waliolalamikia kuvunjwa kwa neno la serikali. Huku nyumbani Ashidikoni Walter Owen wa Kavirondo alipiga kelele bila kuchoka.

Nusu karne baadaye mwanafalsafa mwingine, Jonathan Dancy, alisema Ross hakwenda mbali vya kutosha. Katika makala ya 1983, na katika vitabu vya 1993 na 2004, alijenga msimamo unaoweza kuitwa umahususi wa kimaadili. Ross aliamini kwamba kuahidi, popote pale, daima ni sababu ya kutenda, hata kama sababu hiyo itashindwa. Dancy anakana. Sababu moja, anasema, inaweza kusukuma upande huu hapa na upande mwingine pale, kutegemea imezungukwa na nini. Nimeazima kitabu kwako. Kwa kawaida hiyo ni sababu ya kukurudishia. Nikigundua uliiba kitabu hicho maktaba, sababu ya kukurudishia haijazidiwa nguvu. Haipo kabisa.

Jicho la Dancy linaona mambo katika kisa cha Kakamega ambayo mizani ya Ross inaweza kuyapita. Chukua fidia ya fedha. Kwa mwenye nyumba jijini, fedha taslimu ni sababu nzuri ya kuridhia, maana atanunua nyumba nyingine. Mkulima wa Isukha au Idakho mwaka 1932 angenunua wapi? Nyanda za juu zilikuwa za Wazungu peke yao. Ardhi ya jirani ilishikwa na ukoo mwingine, na wilaya tayari ilikuwa miongoni mwa zilizosongamana zaidi nchini. Mazingira yalikuwa yameipokonya fedha nguvu yake ya kufidia. Vivyo hivyo neno “muda”. Miaka michache kwenye daftari la Nairobi ni kitu kidogo, lakini kwa kaya inayokula ilichovuna msimu uliopita ni njaa.

Tena kuna dhahabu yenyewe. Serikali iliieleza kama jambo jipya lililobadili hali. Lakini ahadi ya 1930 ilitolewa kwa ajili ya siku ambayo mtu mwenye nguvu angekitamani kipande hicho. Siku ambayo hakuna anayekitaka, ahadi haina kazi. Kwa hiyo, katika mazingira haya mahususi, kugunduliwa kwa dhahabu kuliiongezea ahadi uzito. Hapa umahususi unatoa hukumu kali kuliko kanuni.

Lakini njia hiyo ina hatari yake, na wakosoaji wameisema, hasa mwanafalsafa Brad Hooker. Utamwaminije mtu asiyejifunga kwa kanuni yoyote? Anayesema kila hali iangaliwe upya anaweza kuwa mwenye hekima, na anaweza kuwa mkuu wa wilaya aliyeona dhahabu. Dancy atajibu kwamba mtu huyo ameisoma hali vibaya. Jibu hilo ni sahihi na halitoshi, kwa sababu aliyepokonywa shamba hana pa kumpeleka aliyesoma vibaya. Mtu binafsi anaweza kuishi kwa jicho la Dancy. Serikali inayoshikilia ardhi ya watu kama amana inahitaji deni la Ross, limeandikwa, likiwa na mahakama nyuma yake.

Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi 1952, na leo jina hilo ni la mtaa wa Kakamega. Dhahabu haijaisha. Kampuni ya Shanta Gold imekuwa na mradi katika eneo la Isulu na Bushiangala, Ikolomani, tangu 2020, nao wakazi wanakabiliwa na swali la kuhama. Safari hii Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inadai fidia ya haki, kamili na ya haraka kwa mali inayotwaliwa kwa manufaa ya umma, na inampa mwenye ardhi haki ya kwenda mahakamani. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi kwenye machimbo.

Hivyo ndivyo deni linavyoandikwa. Pengo lililobaki ni lile la Dancy: kama fedha inayotolewa inaweza kweli kununua shamba lenye rutuba, maji na jamaa karibu, katika kaunti iliyojaa watu. Mkazi wa Ikolomani anapoitwa kwenye kikao cha wananchi asikubali kutajiwa bei peke yake. Adai kuonyeshwa ardhi ambayo fedha hiyo itanunua, iko wapi na ni ya nani, kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa.