Pistoni Inapopanda na Kushuka

Ndani ya injini ya bodaboda, pistoni ikishuka, valvu ya kuingizia hufunguka na silinda huvuta hewa yenye petroli. Ikipanda, valvu zote mbili zimefungwa, mchanganyiko unabanwa na kupata joto, kisha plagi inatoa cheche. Gesi inayowaka inaisukuma pistoni chini: huu ndio mwendo pekee unaozalisha nguvu. Ikipanda tena, inatoa moshi kupitia valvu ya ekzosi. Hapo krenki imezunguka mara mbili.

Mimi huangalia kwanza mbano. Valvu ya ekzosi ikiungua ukingoni, au ikikazwa mno wakati wa kusetiwa, haifungi vizuri. Gesi huvuja, kiki inakuwa laini mguuni, na pikipiki inasumbua kuwaka hata ukibadilisha plagi.