Maswali Yanayomtoa Mteja Kwenye Hotuba

"Kwa jina naitwa fulani, ni mkazi wa hapa Morogoro. Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu, na pia napenda kuchukua nafasi hii kuishukuru kampuni kwa bidhaa zao bora na huduma nzuri kwa bei nafuu." Video nyingi za wateja wanaotoa ushuhuda huanza hivyo, na mtazamaji huwa ameshapita kwenda kwenye video nyingine kabla sentensi haijaisha. Anayezungumza si lazima awe mwongo; huenda ameridhika kweli. Tatizo ni kwamba amewekwa mbele ya kamera, naye akafanya tulichozoea wote tukisimamishwa mbele ya watu: akatoa hotuba.

Wafanyabiashara wengi huitibu hali hiyo kwa kumwandikia mteja maneno ya kusema, na hapo ugonjwa unazidi. Mtu anayesema maneno aliyoyakariri hushusha sauti penye kila nukta, macho yanatafuta mstari unaofuata, na hajisahihishi hata mara moja. Anayekumbuka jambo lake mwenyewe hurudi nyuma: "Ilikuwa Jumanne, a-a, Jumatano, maana siku ile kulikuwa na gulio." Sikio la msikilizaji linaitambua tofauti hiyo upesi, hata kama hawezi kuieleza.

Wanaoijua kazi hii huandika skripti pia, ila huandika upande wa muulizaji. Mteja hapewi neno hata moja. Maswali hupangwa ili majibu yake, sauti ya muulizaji ikishakatwa, yaungane kuwa hadithi yenye mwanzo, mashaka na mabadiliko.

Tuchukue mfano wa fundi anayetengeneza majiko banifu ya mkaa, yale ya bati lenye udongo ndani. Anataka ushuhuda wa mama lishe anayepika karibu na stendi, ambaye ametumia jiko lake kwa miezi kadhaa. Swali linalomjia fundi kwanza ni hili: "Je, jiko letu limekusaidia?" Jibu lake linajulikana kabla halijatoka: "Ndiyo, limenisaidia sana." Hakuna cha kuhariri hapo. Swali limekwisha kubeba jibu ndani yake, na mama wa watu, kwa adabu tu, amekubali.

Sasa alibadilishe: "Mama, hebu nieleze asubuhi yako ilivyokuwa kabla hujapata jiko hili. Ulikuwa unaamka saa ngapi, unaanza na nini?" Hapa hakuna nafasi ya kusifia. Mama analazimika kurudi jikoni kwake, na majibu yanakuja na vitu vyake: "Aa, nilikuwa naamka saa tisa usiku. Maharage yako motoni, mkaa unaisha katikati. Namwamsha mtoto, nenda kagonge kwa jirani." Mtoto anayeamshwa gizani kwenda kuomba mkaa anaeleza shida ya jiko la zamani kuliko sifa kumi za jiko jipya.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: omba tukio, usiombe maoni. Swali linaloanza kwa "je" mara nyingi huishia kwenye ndiyo au hapana. Linaloanza kwa "nieleze", "nikumbushe" au "siku ile ulipo..." huleta simulizi. Kwa mama lishe wetu, karatasi ya fundi inaweza kuwa na maswali saba tu:

1. Biashara yako hapa ilianzaje?
2. Nieleze asubuhi yako ilivyokuwa ulipokuwa unatumia jiko la zamani.
3. Ni kitu gani kilikufanya useme, sasa basi, natafuta jiko jingine?
4. Ulipoliona jiko hili mara ya kwanza, ulikuwa na wasiwasi gani?
5. Nikumbushe siku ya kwanza ulipolipikia. Ulipika nini, ikawaje?
6. Siku hizi mkaa wa siku nzima unanunua wa shilingi ngapi? Na zamani?
7. Ni kitu gani kwenye jiko hili hukipendi, au umemwambia mwenzako awe mwangalifu nacho?

Swali la kwanza halitaingia kwenye video. Kazi yake ni kuipa hotuba mahali pa kutokea. Mama akianza na "kwa jina naitwa", mwache amalize, itikia, cheka naye, kisha endelea. Kumkatiza mtu mzima katikati ya salamu zake ni kukosa adabu, na tena humfanya ajione amekosea, akaanza kujichunga. Hotuba ikishatoka yote, mazungumzo hubaki.

Swali la nne ndilo wafanyabiashara wengi huliogopa, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mtazamaji anayefikiria kununua ana wasiwasi wake tayari. Akimsikia mama akisema, "Nilijua ni bati tu hili, maana nilishanunua kama hilo, udongo ukapasuka mwezi wa pili," anajisikia mwenyewe ndani ya maneno hayo. Asipolisikia shaka lake, hata sifa zinazofuata hazimwingii.

Swali la saba hufanya kazi inayofanana. Mama anaweza kusema, "Usilimwagie maji likiwa la moto, udongo unapasuka." Ni kweli, na fundi anajua ni kweli. Kosa hilo dogo likibaki kwenye video, linamthibitishia mtazamaji kwamba msemaji hakupangwa, na linampa mnunuzi ajaye maelekezo ambayo angeyahitaji kwa vyovyote.

Maswali yenyewe hayapelekwi kwa mteja siku moja kabla. Akiyapata, usiku atatunga majibu, na kesho yake utaletewa hotuba mpya. Mwambie mada tu: tutazungumzia jinsi ulivyokuwa unapika zamani na unavyopika sasa. Ukihitaji hesabu ya mkaa, mwombe aikumbuke mapema, kwa sababu namba inayotajwa kwa kubahatisha haifai kutangazwa.

Kuna tatizo moja la kiufundi ambalo lugha yetu inalileta. Sauti ya muulizaji itakatwa, na mama akijibu, "Lilikuwa linakula mkaa balaa," mtazamaji hajui ni kitu gani kilichokuwa kinakula mkaa. Wengine humwagiza mteja arudie swali ndani ya jibu lake, lakini agizo hilo humrudisha mtu darasani. Njia nyepesi ni kujifanya mgeni: "Ngoja mama, lipi hilo?" Atajibu, "Hilo jiko langu la zamani, lilikuwa linakula mkaa balaa," na umeipata sentensi nzima bila yeye kuhisi kwamba amesahihishwa.

Jambo jingine ni ukimya. Jibu likiisha, muulizaji asikimbilie swali linalofuata. Ahesabu moyoni hadi tatu, macho yake yakiwa bado kwa mama. Mara nyingi sentensi bora huja hapo, pale mtu anapodhani amemaliza kisha akakumbuka: "Na tena, mtoto siku hizi analala mpaka asubuhi." Muulizaji pia ajizuie kuitikia "eeh, eeh" kwa sauti, maana itabaki juu ya maneno ya mama na haitaondoka. Atikise kichwa tu.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Simu yenye kamera nzuri inatosha, ikiwekwa kwenye stendi, usawa wa macho ya mama, na laini ikiwa imezimwa ili simu isiite katikati. Muulizaji akae kando kidogo ya kamera, kimo kimoja na mama, ili mama azungumze na mtu na siyo na kioo. Mwanga wa dirisha au wa mlangoni umwangukie ubavuni. Ukiwa nyuma yake, uso utakuwa mweusi. Fedha ikiwa kidogo, iende kwenye maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, kifuani, chini kidogo ya kidevu. Mtazamaji huvumilia picha ya wastani, ila sauti inayomezwa na honi za stendi haivumiliki. Na kamera iwashwe mapema, wakati wa salamu, pasiwe na mtu wa kutangaza "haya, tunaanza". Hilo mama ajulishwe tangu mwanzo, kwamba kamera inafanya kazi na ya faragha yatafutwa.

Kama bado amekakamaa, mpe kazi. Mwache akate vitunguu au achambue mchele huku mnazungumza. Mikono ikiwa na shughuli, mtu husahau kuitunza sura yake. Picha za mikono hiyo na za jiko likiwaka zitasaidia baadaye kufunika sehemu ambazo maneno yamekatwa na kuunganishwa.

Mazungumzo ya dakika ishirini hadi thelathini yanatosha kutoa video ya sekunde sitini hadi tisini. Mhariri huyaandika majibu yote kwenye karatasi, kisha anapiga mstari chini ya yale yanayobeba hadithi. Kwa mama wetu mpangilio unaweza kuwa huu: anaanza na mtoto aliyeamshwa gizani, maana ndiyo sentensi inayomshika mtazamaji. Inafuata shaka ya udongo uliopasuka, kisha siku ya kwanza ya kupika, kisha hesabu ya mkaa. Onyo la maji linakuja karibu na mwisho, na anafunga kwa mtoto anayelala mpaka asubuhi. Jina na kazi yake vinaandikwa chini ya picha, kwa hiyo hana haja ya kujitambulisha.

Kukata kuna mpaka wake. Kuondoa "aa" moja au mbili ni sawa, lakini zikiondolewa zote mama atasikika kama mtangazaji wa redio. Kuhamisha jibu mahali pengine kunaruhusiwa ikiwa maana haibadiliki. Akisema, "Linaokoa mkaa, ila nikipika chakula cha watu wengi nalazimika kuwasha majiko mawili," kumkata penye "mkaa" ni kumsemea asichokisema. Na kama hesabu yake haionyeshi nafuu yoyote, hiyo si sentensi ya kumbembeleza aibadilishe. Ni taarifa ya fundi kwenda kulitazama jiko lake.

Ridhaa nayo iandikwe: video itatumika wapi, kwa muda gani, na mama anaweza kufanya nini akitaka iondolewe. Sura, sauti na jina lake ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Kama alipewa jiko bure au kwa punguzo, mtazamaji aambiwe.

Kabla haijarushwa, mama aione video yote. Kisha fundi amtafute mtu asiyejua lolote kuhusu majiko yake, amsikilizishe sauti peke yake na kumuuliza mambo matatu: huyu mama alinunua nini, alikuwa anahofia nini, na maisha yake yamebadilika wapi. Akiyajibu yote matatu, video iko tayari. Akijibu tu kwamba "kuna mama anasifia jiko", mhariri arudi kwenye zile dakika thelathini atafute tukio aliloliacha. Asipoliona humo, muulizaji akaombe miadi nyingine na mama, safari hii akiwa na maswali mapya.