Chujio Likila Picha, Tuma Maandishi

Ofisini huwa inatokea hivi. Mtu anapiga picha ya skrini ya slaidi, anaibandika katikati ya barua pepe, anaandika "kama unavyoona hapa chini", anatuma. Mwenzake wa ofisi nyingine anafungua barua, na chini ya maneno hayo hakuna kitu. Anajibu kwamba haoni picha. Mtumaji anafungua folda ya Sent, anaikuta picha pale pale, na anaituma upya. Inapotea tena.

Wote wawili wanasema kweli. Nakala iliyo kwenye Sent huhifadhiwa upande wa mtumaji bila kupitia chujio la upande wa pili, kwa hiyo inaonyesha kilichoondoka tu.

Ili kuelewa picha inapotelea wapi, ni vizuri kujua kwamba barua pepe ilianza ikiwa maandishi matupu. Njia ya kubebea picha na sauti, iitwayo MIME, iliwekwa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, na mpaka leo inafanya kazi kwa ujanja uleule: picha inageuzwa kuwa msururu mrefu wa herufi, kila baiti 3 zikitoa herufi 4. Ndiyo maana faili la MB 8 linaweza kukataliwa na seva yenye kikomo cha MB 10, maana likiwa njiani limeshanenepa kwa theluthi moja. Kila kipande cha barua hupewa maelezo yake juu, na ya picha iliyobandikwa hufanana na haya:

```
Content-Type: image/png; name="image001.png"
Content-Transfer-Encoding: base64
Content-ID: <image001.png@01DA2F>
```

Chujio halihitaji kuitazama picha. Linasoma mstari wa kwanza, likiona `image/png` na sheria za ofisi zinakataza picha kutoka nje, linakata kipande chote na kuliacha lililobaki liendelee na safari. Machujio ya kistaarabu huacha ujumbe mfupi kwamba kiambatisho kimeondolewa. Mengine hayasemi neno. Barua ikiwa imebaki na mapambo yake, msomaji ataona kisanduku tupu pale picha ilipokuwa. Chujio likiigeuza barua yote kuwa maandishi matupu, hata kisanduku hakibaki, na hapo msomaji hana namna ya kujua kwamba kulikuwa na picha. Hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuisoma barua, akaiona haina maana, akaendelea na kazi zake.

Ukali huu una sababu. Mwezi Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilienea dunia nzima vikiwa ndani ya kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi, na tangu hapo ofisi nyingi zinashuku kila kinachoambatana na barua. Baadaye watuma barua taka wakaanza kuandika matangazo yao ndani ya picha ili machujio yanayosoma maneno yasiyaone. Siku hizi matapeli huweka humo msimbo wa QR unaompeleka mtu kwenye tovuti ya kuiba nenosiri. Picha ya slaidi yako haina hatia, lakini inafika mlangoni ikiwa imevaa sare moja na hizo.

Kabla ya kulaumu chujio, hakikisha. Programu nyingi za barua hujizuia kupakua picha zilizohifadhiwa kwenye tovuti mpaka msomaji abonyeze ruhusa, na hilo ni jambo jingine: picha ipo, haijafunguliwa tu. Mwombe mwenzako aangalie ukubwa wa barua iliyomfikia. Picha ya KB 600 ikitumwa, barua inapaswa kukaribia KB 800. Ikiwa imefika na KB 12, picha imekatwa. Anayetumia Gmail anaweza pia kubonyeza "Show original" na kutafuta neno `image/png`. Asipoliona, jibu limepatikana.

Sasa barua ya kumwandikia. Tuseme mtumaji ni mhasibu wa mamlaka ya maji, na slaidi ilikuwa na chati ya nguzo za rangi mbili, bluu kwa ankara zilizotolewa na chungwa kwa zilizolipwa. Barua inaweza kuwa hivi:

"Kichwa: Slaidi ya 7, makusanyo ya Julai hadi Septemba: maandishi badala ya picha

Dada, habari za kazi.

Picha ya slaidi ya 7 niliyokutumia asubuhi imeondolewa na chujio la barua pepe. Kompyuta yako haina tatizo, na usihangaike kuitafuta kwenye barua taka. Yaliyomo ni haya, kwa milioni za shilingi:

Julai: ankara 420, zilizolipwa 365 (asilimia 87).
Agosti: ankara 435, zilizolipwa 340 (asilimia 78).
Septemba: ankara 450, zilizolipwa 315 (asilimia 70). Hapa pana nyota: malipo ya simu ya tarehe 29 na 30 bado hayajaingizwa.

Chini ya chati kuna pendekezo moja: wateja watumiwe ujumbe wa kuwakumbusha siku tano kabla ya tarehe ya mwisho. Ndilo tunaloomba uamuzi wako.

Ukitaka chati yenyewe, nijulishe njia ambayo ofisi yenu inaruhusu. Asante, na samahani kwa usumbufu."

Angalia ile nyota ya Septemba. Kwenye slaidi ilikuwa maandishi madogo pembeni, ya aina ambayo mtu anayefupisha kwa haraka huyaruka. Bila hiyo, mkuu wa idara angesoma asilimia 70 na kudhani hali imeharibika kuliko ilivyo. Kwa hiyo anayegeuza slaidi kuwa maandishi asianze na nguzo ndefu. Aanze na pembe za slaidi, kwenye nyota, vipimo na tarehe, kisha ndiyo arudi katikati. Rangi nazo zigeuzwe kuwa majina. "Nguzo ya chungwa inashuka" haimsaidii mtu asiyeiona.

Usijaribu kupanga jedwali kwa kubonyeza nafasi nyingi. Kwenye skrini yako nguzo zitanyooka, kwake fonti ikiwa tofauti namba za Agosti zitahamia chini ya Julai. Mstari mmoja kwa kila mwezi hauvunjiki. Wenye PowerPoint watafikiria kunakili kutoka Outline View, nayo husaidia kwa vichwa na hoja, lakini namba za ndani ya chati na maneno ya visanduku vilivyoongezwa kwa mkono hayatokei humo. Na kama slaidi yenyewe ni picha tupu, hakuna cha kunakili, itabidi uandike.

Zipo slaidi ambazo maandishi hayaziwezi, kama ramani ya mabomba au mchoro wa jengo. Kwa hizo, omba watu wa TEHAMA wa pande zote mbili wakuelekeze kwenye folda ya pamoja iliyoidhinishwa. Usiifungie picha ndani ya faili la zip lenye nenosiri, wala usiitume kwenye barua pepe binafsi ya mwenzako ili kulikwepa chujio. Zip yenye nenosiri ni njia ya wasambaza virusi pia, na ofisi nyingi huizuia kabla hata ya picha.