Insha za Zamani kama Kipimo cha Tuhuma za Uongo za Vitambuzi vya Akili Mnemba

Kitambuzi kinapodai kwamba kazi ya mwanafunzi imeandikwa na akili mnemba, mtahini hana njia rahisi ya kuthibitisha dai hilo, kwa kuwa hakuwapo kazi ilipoandikwa. Ugumu huo huondoka mhadhiri anapokipa kitambuzi insha alizoandika yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na GPT-2 iliyoitangulia ilitangazwa mwaka 2019. Kwa hiyo insha ya mwaka 2012 ikituhumiwa, kosa ni la kitambuzi, wala hakuna haja ya mjadala.

Uteuzi wa insha ndio unaoamua thamani ya jaribio. Vitambuzi vingi hupima jinsi kila neno linavyotabirika kutokana na yaliyolitangulia. Matini inayotabirika mno hutuhumiwa. Matini iliyokwisha kuwekwa mtandaoni huenda ilitumika kufunza modeli, na hivyo hutabirika kwa sababu isiyohusiana na mwandishi. Ndiyo maana Katiba ya Marekani, ya karne ya 18, imewahi kutuhumiwa. Zifaazo, basi, ni insha ambazo hazijapata kuchapishwa, zenye tarehe inayothibitika, na zinazoingizwa na makosa yake yote. Kuzisahihisha kwanza kwa programu ya sarufi ni kuharibu jaribio.

Ichukuliwe kwamba mhadhiri ana insha 30 za namna hiyo na hakuna hata moja iliyotuhumiwa. Matokeo hayo yanaonekana kukisafisha kitambuzi, lakini hayakisafishi. Kwa kanuni ya takwimu inayogawanya 3 kwa idadi ya majaribio yasiyo na kosa, kiwango cha tuhuma za uongo bado kinaweza kufikia takriban asilimia 10, kwa uhakika wa asilimia 95. Katika darasa la wanafunzi 200 wasio na hatia, hao ni watu 20. Kinyume chake, tuhuma tatu tu kati ya insha 30 zingetosha kuonyesha kwamba alama ya kitambuzi haiwezi kusimama peke yake mbele ya kamati ya nidhamu.

Lugha nayo ina uzito wake. Utafiti wa Liang na wenzake (2023) ulipima vitambuzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilituhumiwa, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani karibu zote zilipita. Msamiati finyu hutabirika. Mhadhiri aliyebobea katika Kiingereza tangu ujana anaweza kupata matokeo safi yasiyowahusu kabisa wanafunzi wake.

Aidha, jaribio hili hupima upande mmoja tu: kitambuzi kisichotuhumu chochote kingelifaulu kikamilifu.