Kizidishi Kimoja, Zamu Ishirini

Mwaka 1978 kampuni ya Marekani ya Texas Instruments ilianza kuuza mwanasesere wa plastiki mwenye mpini, vitufe vya herufi na sauti ya kukwaruza. Aliitwa Speak & Spell. Alimtamkia mtoto neno la Kiingereza, akamsubiri aliandike, kisha akamwambia kama amepata au amekosa. Ndani yake hamkuwa na kanda wala sahani ya santuri. Sauti ilitengenezwa papo hapo kwa hesabu, ndani ya chipu moja iliyopewa namba TMC0280.

Hesabu yenyewe haikuwa nyepesi. Ili sauti isikike, chipu ilitoa namba 8,000 kila sekunde, kila namba ikiwa sampuli moja ya wimbi la sauti. Kila sampuli ilihitaji kuzidisha mara 20 hivi, na kujumlisha au kutoa karibu idadi hiyohiyo. Hata hivyo chipu haikuwa na saketi 20 za kuzidisha. Ilikuwa na moja tu.

Sababu ni nafasi. Saketi ya kujumlisha namba mbili zenye biti 10 inahitaji vijisehemu 10 vilivyopangwa mstari mmoja. Saketi ya kuzidisha namba hizohizo, ambayo hapa tutaiita kizidishi, lazima ikutanishe kila biti ya namba moja na kila biti ya nyingine. Hapo tayari kuna makutano 100, na matokeo yake yote yanabaki kujumlishwa. Namba zikirefuka mara mbili, kizidishi hunenepa karibu mara nne. Chipu nayo hukatwa kutoka kwenye kisahani cha silikoni, na kila milimita ya mraba ina bei. Vizidishi 20 vingemfanya mwanasesere awe bidhaa ya maabara, si ya dukani.

Kilichowaokoa wahandisi ni kwamba sikio halina haraka. Sampuli 8,000 kwa sekunde maana yake kuna mikrosekunde 125 kati ya sampuli moja na nyingine, na kwa saketi ya elektroniki huo ni muda mrefu. Kama kila hesabu ingekuwa na kizidishi chake, kila kimoja kingefanya kazi kidogo kisha kikakaa bure hadi sampuli ijayo. Basi mikrosekunde 125 hugawanywa katika zamu 20, kila zamu ikiwa ya mikrosekunde 6.25, na kizidishi kimoja hupewa kazi moja kila zamu. Hiyo ndiyo mbinu ambayo wabunifu wa chipu huiita kukunja saketi: mchoro mpana wa vizidishi vingi unakunjwa hadi kubaki kimoja, na upana uliopotea unalipwa kwa muda.

Msimamizi wa zamu ni kaunta, saketi ndogo inayohesabu 1, 2, 3 hadi 20 kisha kurudi 1. Mbele ya kizidishi huwekwa swichi za kielektroniki zinazosoma namba ya kaunta. Kaunta ikisema 1, swichi hufungulia jozi ya kwanza ya namba. Ikisema 2, hufungulia jozi ya pili. Hakuna programu inayosomwa wala uamuzi unaofanywa. Ratiba imechongwa ndani ya nyaya.

Ugumu uko katika kuipanga ratiba hiyo, kwa sababu hesabu hizi hutegemeana.

Speak & Spell aliiga koo na mdomo wa binadamu kwa mfano wa bomba lenye pingili 10. Pingili ya 10 iko upande wa koo, ya 1 iko midomoni. Katika kila pingili kuna mawimbi mawili: la kwenda, linaloelekea nje, na la kurudi, linalodunda kuelekea ndani. Kila pingili ina namba yake, tuiite k, inayosema ni kiasi gani cha wimbi kinadunda hapo. Kubadilisha zile k 10 ndiko kunakogeuza sauti ya “a” kuwa ya “i”.

Kwa kila sampuli, kila pingili hufanya mambo mawili. Kwanza hupata wimbi jipya la kwenda: huchukua lile lililotoka pingili iliyotangulia na kutoa k mara wimbi la kurudi lililohifadhiwa tangu sampuli iliyopita. Pili hutengeneza wimbi jipya la kurudi na kulikabidhi upande wa koo: huchukua lile la zamani na kuongeza k mara wimbi jipya la kwenda. Kuzidisha mara mbili kwa pingili 10 ni mara 20. Wimbi la kurudi linalotoka pingili ya 10 halitumiki na yeyote, kwa hiyo zinabaki 19, na zamu moja inayobaki inatosha kuzidisha ukubwa wa sauti inayoingia.

Tupange ratiba hiyo. Tuseme kizidishi chetu huchukua zamu 8 kumaliza kazi moja, lakini kinaweza kupokea kazi mpya kila zamu, kama jiko la maandazi ambalo mmoja anakanda, mwingine anakata na wa tatu anakaanga, kila mmoja akiwa na donge tofauti. Tuseme pia kujumlisha huchukua zamu 1.

Ukitazama vizuri utaona kwamba hesabu za kundi la kwanza, yaani k mara wimbi la kurudi, zinatumia mawimbi yaliyohifadhiwa tangu sampuli iliyopita. Hazina cha kungoja. Basi zamu ya 1 hadi ya 10 wanapewa hao, kuanzia pingili ya 10 hadi ya 1. Zao la kwanza hutoka zamu ya 9, na hapo kijumlishi huanza kupata mawimbi ya kwenda, moja kila zamu. Wimbi la kwenda la pingili ya 9 linakuwa tayari zamu ya 11, ambapo kizidishi ndipo kimepata nafasi ya kulipokea kwa kundi la pili. Zamu ya 11 hadi ya 19 zinajaa, na ya 20 inabaki kwa ukubwa wa sauti. Kizidishi hakikupumzika hata zamu moja, na kijumlishi nacho kilitosha kimoja.

Mambo hayaachi nafasi kubwa, hata hivyo. Zao la pingili ya 9 lililoingia zamu ya 11 hutoka ya 19, hujumlishwa, na wimbi jipya la kurudi la pingili ya 10 huwa tayari zamu ya 20. Linahitajika zamu ya 1 ya sampuli inayofuata. Limewahi kwa zamu moja tu.

Je, kizidishi kingekuwa cha polepole zaidi, cha zamu 9? Fuata mduara wote: kuzidisha zamu 9, kujumlisha mara mbili zamu 2, kuzidisha tena zamu 9, kujumlisha zamu 1. Jumla ni 21, na zamu zipo 20. Hakuna ratiba itakayoziba pengo hilo, hata upange vipi, kwa sababu mwisho wa mduara unalisha mwanzo wake. Ongezeko la vizidishi halisaidii kitu hapa. Dawa ni kizidishi chenye kasi zaidi, au zamu nyingi zaidi kwa kila sampuli.

Ukaguzi wa namna hii ulikuja kupewa kanuni ya jumla. Keshab Parhi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na wenzake, waliieleza katika makala ya mwaka 1992, na leo inafundishwa hivi:

D = N·w − P + v − u

N ni idadi ya zamu, w ni sampuli ngapi matokeo yanahifadhiwa, P ni zamu ambazo saketi huchukua, u ni zamu ya anayetoa na v ni zamu ya anayepokea. D ni zamu ambazo matokeo yatakaa kwenye rejista yakingoja. Kwa wimbi letu la pingili ya 10: 20 × 1 − 1 + 1 − 19, jibu ni 1. Ni ileile zamu moja ya kuwahi. Jibu likiwa hasi, ratiba inadai matokeo kabla hayajazaliwa, na mbunifu anarudi mezani.

Hata ratiba sahihi huharibika kwa kosa dogo. Kaunta ikitangulia zamu moja, k ya pingili ya 7 hukutana na wimbi la pingili ya 6, na sauti hutoka, ila si ya neno lililokusudiwa. Kosa jingine ni mpangilio wa kuhifadhi. Ukianza kusasisha mawimbi ya kurudi kutoka midomoni kwenda kooni, utafuta wimbi la zamani kabla pingili ya jirani haijalitumia. Kuanzia ya 10 kushuka, kama tulivyofanya, kunaepusha hilo.

Namna ya kuligundua kosa ni kuweka k zote kuwa sifuri na kuingiza pigo moja. Lazima litoke vilevile lilivyoingia, likiwa limechelewa tu. Kisha k moja moja hupewa thamani, na kila sampuli hulinganishwa na ile ya hesabu isiyokunjwa iliyofanywa kwenye kompyuta. Tofauti ikianza kwenye pingili fulani, zamu ya kukagua inajulikana.

Kukunja hakupunguzi kila kitu. Zile k 10 na mawimbi 10 yaliyohifadhiwa bado yanahitaji kumbukumbu, na swichi na kaunta ni nyongeza ambayo mchoro wa awali haukuwa nayo. Ukikunja saketi ya kujumlisha, ambayo ni ndogo tangu mwanzo, swichi zinaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko kilichookolewa. Idadi ya kuzidisha kwa sekunde pia haibadiliki, ni 160,000 kwa mwanasesere wetu, kwa hiyo betri haipati nafuu kwa sababu hiyo pekee.

Mbunifu wa leo huanza kwa kugawanya. Chipu inayopiga mapigo milioni 12 kwa sekunde, ikishughulikia sauti ya sampuli 48,000, ina zamu 250 kwa kila sampuli, na kizidishi kimoja kinaweza kubeba kichujio kikubwa cha sauti. Chipu hiyohiyo ikipewa mawimbi ya redio yanayoleta sampuli milioni 12 kwa sekunde, inabaki na zamu moja tu kwa kila sampuli. Hapo kila hesabu inadai kizidishi chake, na gharama ya silikoni inalipwa yote.