Tani Ngapi za Katani kwa Trekta Moja

Swali ambalo sichoki kuulizwa, tena na watu waliosoma, ni hili: ikiwa bei ya mali ghafi yetu haitoshi kununulia mashine za ng'ambo, mbona hatuzidishi kilimo tukauza zaidi? Nalijibu leo kwa hesabu, maana dhana hii imewaghuri hata wenye madaraka.

Mwalimu Nyerere alieleza kuwa mwaka 1965 trekta moja ilinunuliwa kwa tani 17.25 za katani, na kwamba mwaka 1972 trekta ya namna ile ile ilidai tani 42. Hata mwaka 1974, mazao yalipopanda bei kwa kishindo, ilitaka katani zaidi kwa asilimia 57 kuliko mwaka 1965. Uwiano huo wa tunachotoa na tunachopata ndio upimao hali ya muuzaji, wala si wingi wa marobota yanayopakiwa Tanga.

Haya, natuufuate ushauri wa kulima zaidi. Shamba lililouza tani 1,725 lilipata matrekta 100 mwaka 1965. Mwaka 1972 tani zizo hizo zilileta 41. Wakataji wakizidisha mkonge kwa nusu, jasho nalo likazidi kwa nusu, wanafika 61: wametaabika zaidi na wamepata pungufu. Na hesabu hiyo yachukulia kuwa bei haitatikisika, jambo ambalo ni muhali, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa imeongoza dunia kwa katani, Brazili nayo ilikuwa ikipanda, na mkulima wa Ulaya hanunui kamba maradufu za kufungia nyasi zake kwa sababu zimekuwa rahisi, ilhali kamba za plastiki zimekwisha kuingia sokoni. Tuseme ziada hiyo ingeshusha bei kwa humusi tu: matrekta yangekuwa 49. Dawa gani hii izidishayo maradhi?

Raúl Prebisch na Hans Singer walionyesha mwaka 1950 kwamba maarifa mapya yapunguzapo gharama kiwandani, aghalabu vyama vya wafanyakazi hudai ujira na matajiri huzuia faida, hata bei isishuke. Bali shambani, ambako kibarua hana nguvu ya kudai, nafuu yote humwendea mnunuzi. Kweli, tani ikivunwa kwa kazi chache zaidi huenda pasiwe hasara. Basi zihesabiwe siku za kazi kwa kila trekta, si tani peke yake.

Njia zipo, nazo ni chache. Kusokota kamba hapa hapa, ingawa ushuru wa nchi za viwanda aghalabu huwa mzito kwa kamba kuliko kwa katani ghafi. Wauzaji kuafikiana kupunguza mauzo, jambo lifaalo kwa zao lisilo na badala, na katani inayo. Kuweka akiba ya fedha za kigeni miaka ya neema. Kubadili mazao, lakini mapema, kwani mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa, na aliyeupanda kwa kuvutiwa na bei njema huenda akaanza kuukata bei hiyo imekwisha kuanguka.