Mwisho Jumatano, Mwanza: tangazo la zawadi za Siku ya Mama

Siku ya Mama kwetu huangukia Jumapili ya pili ya Mei. Mwaka 2026 ni tarehe 10. Wiki hiyo maduka ya zawadi hujaza Instagramu na Wasapu kwa picha za maboksi yenye riboni, na chini yake huandikwa "Mwisho wa dilivari Ijumaa." Sentensi hiyo ndiyo inayoleta ugomvi. Mteja huelewa kwamba akilipia Ijumaa bado yumo, wakati muuzaji alimaanisha Ijumaa ndiyo siku ya mzigo kufika.

Dawa yake ni kuhesabu kurudi nyuma, kila mji kivyake. Tuchukue duka la Kariakoo lenye mteja ambaye mama yake yuko Mwanza. Basi likiondoka Dar alfajiri ya Ijumaa, huingia Mwanza usiku, na kifurushi huchukuliwa ofisini kwao Jumamosi. Basi hilo hupokea mizigo Alhamisi jioni, na kufungasha kunahitaji nusu siku. Oda ya Mwanza basi inafungwa Jumatano, tarehe 6. Ya Dar, inayokwenda kwa bodaboda, inaweza kusubiri hadi Jumamosi mchana.

Instagramu huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, mingine hufichwa mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo tarehe zitangulie, salamu na mioyo mekundu vifuate:

"Zawadi ya Mama. Lipia kabla ya: Mwanza, Jumatano 6 Mei saa 10 jioni. Dar, Jumamosi 9 Mei saa 6 mchana.
Seti A: doti ya khanga, udi na chetezo. Sh 45,000.
Seti B: kikombe, majani ya chai, asali. Sh 30,000.
Boksi, riboni na kadi ni bure. Tuandikie maneno ya kadi na simu ya mpokeaji. Nauli ya mzigo ni juu ya mteja."

Herufi A na B ziandikwe pia juu ya picha, vinginevyo wateja watauliza "ile ya kushoto bei gani?" siku nzima. Bei nayo iwekwe wazi. "Njoo inboksi" humchosha mtu mwenye haraka, na wiki hii karibu wote wana haraka.

Kwenye kufungasha, mimi ningeongeza ahadi moja: risiti haitawekwa ndani ya boksi. Mama hapaswi kuona bei. Udi nao ufungwe peke yake kwenye nailoni, maana harufu yake huingia kwenye majani ya chai seti zikipangwa pamoja.

Jumatano jioni ikifika, fungua tangazo lilelile, ufute mstari wa Mwanza. Jumamosi saa 6 ufute wa Dar, uandike: "Kupelekewa kumefungwa. Dukani tupo hadi saa 2 usiku, tunakufungia ukisubiri."